Kidole cha Baba

Mdogo wake Fundi alipewa jina la Kopi kabla hajajua kutambaa, na jina lile halikumbanduka tena. Kila mtu mzima aliyemfahamu mama yao alimtazama yule mtoto, akashika kiuno, akasema huyu si mtoto, huyu ni kopi. Mama mtupu. Chapa. Fundi alikuwa na miaka saba wakati huo, amesimama palepale pembeni na pua yake na macho yake, na hakuna aliyemgeukia kumwambia yeye amefanana na nani. Ukimbana sana mtu angesema, wewe umechukua kwa baba yako. Jamani, msichana wa miaka saba aambiwe amefanana na fundi saa mwenye masikio kama milango ya gari, halafu ashukuru?

Mama alifariki Kopi akiwa na miezi minne. Basi watu walipomkumbuka marehemu walimwendea Kopi. Shangazi yao alikuja kila likizo, na kabla hajavua viatu alishamshika yule mtoto mashavu, machozi yanamtiririka, anaita wifi yangu, wifi yangu. Fundi alikuwa pembeni ameshika mkoba wa shangazi, anasubiri zamu yake, na zamu haikufika. Tusizunguke mbuyu: alimwonea wivu mdogo wake, wivu wa kukosesha usingizi, na hakuwahi kupona. Alikua nao, akasoma nao, akaolewa nao, akaachika nao.

Sasa alikuwa na miaka thelathini na sita na studio yake ya picha, chumba kimoja juu ya duka la viatu, ngazi za chuma nje. Alipiga picha za pasipoti na za mahafali, lakini kilichompa jina ni picha za zamani. Watu walimletea sura za wazazi waliokwisha ondoka, zimefifia, zimeliwa na mchwa, naye alizitengeneza upya kwenye kompyuta. Alikuwa na programu ya kuzalisha sura: unaipa picha za mtu za kuielekeza, inatoa picha mpya ya mtu yuleyule, kubwa na safi, unaweza kuitundika ukutani. Ila alikuwa na msimamo wake. Mteja akimwonyesha picha kwenye simu, kabla hajaketi anaulizwa swali moja: ya karatasi iko wapi? Maana picha ikishapita simu hii na simu ile hubanwa kila inapopita, ikabaki jina tu. Swali hilo alilibandika hadi ukutani, kwa herufi nyekundu, juu ya skana.

Kopi alipopanda zile ngazi Jumatano moja asubuhi na kusema baba amehamia nyumba mpya, ukuta wa sebuleni uko mtupu na yeye anataka uwekwe uso wa mama, Fundi hakuliuliza swali lile.

Alikuwa na sababu. Familia nzima ilijua kuna picha moja tu ya mama iliyobaki, ile iliyozagaa kwenye simu zao: mwanamke amekaa mlangoni, kitambaa kichwani, amepakata mtoto mchanga. Na familia nzima ilijua mtoto yule ni Fundi, kwa sababu Fundi mwenyewe ndiye aliyesema hivyo miaka yote. Nani angembishia? Baba alikuwa na simu ya vitufe isiyofungua picha, na kwenye simu za wengine macho yake hayakuona ila ukungu. Mtoto alikuwa furushi jeupe lenye doa la kahawia. Angeweza kuwa mtoto wa yeyote, angeweza kuwa mkate uliofungwa kwenye taulo.

Ya karatasi ilikuwepo. Ilikuwa hatua tatu kutoka kwenye kiti alichokalia Kopi, droo ya chini, ndani ya bahasha, katikati ya makadibodi mawili.

Fundi aliichukua kwenye boksi la bati la baba yao akiwa na miaka kumi na tano, siku ambayo shangazi alilia tena juu ya Kopi. Kopi alikuwa na miaka minane, ametafuna ubuyu mpaka midomo imekuwa myekundu, na bado aliitwa wifi yangu. Fundi alikwenda chumbani akafungua boksi kwa hasira tu, atafute uso wa mama yake aukague mwenyewe. Akaikuta. Na kwenye kona ya chini, kwa zile tarakimu za rangi ya chungwa ambazo kamera za zamani zilikuwa zikichapa zenyewe, akaikuta tarehe. Mwezi mmoja baada ya Kopi kuzaliwa. Yaani picha moja ya mama duniani, na aliyepakatwa ni yuleyule.

Roho ilimuuma hadi akaketi chini. Kisha akaazima simu ya shangazi, moja ya zile za kwanza zilizokuwa na kamera, akaiegemeza picha dirishani na kuipiga kwa mbali kidogo, akakata kipande cha chini ili tarehe isionekane. Palepale kwenye kipande hicho palikuwa pia na doa jeusi lenye ukungu, kidole cha baba kilichoingia mbele ya kioo cha kamera, kwa hiyo akaona anasafisha tu. Akawaambia watu ameipata picha ya mama, mtoto ni mimi huyo. Ile ya karatasi hakuirudisha. Toka siku hiyo ile ndogo ilitoka simu hadi simu, ikafika kwenye kundi la familia, ikatumwa na kurudishwa na kutumwa tena kila ilipofika kumbukumbu ya mama.

Ndiyo hiyo aliyoileta Kopi. Fundi aliifungua kwenye kompyuta, akaikuza, na picha ikageuka sakafu ya vigae. Alimweleza mdogo wake kama anavyomweleza mteja yeyote. Uso wote wa mama una vidoti, yaani vigae hivi, thelathini na nane kwa upana, basi. Jicho moja ni vidoti vitano. Kila simu iliyoibana iliugawa uso kwenye viboksi vidogo, kila kiboksi ikakitafutia rangi za kukadiria, na kingo za viboksi hivyo ndizo mistari hii unayoiona shavuni. Kitu kilicho chembamba kuliko kidoti kimoja, kama kovu au unywele, hakimo. Hakijajificha, hakimo. Ukinoa picha unanoa viboksi. Ukiilainisha, viboksi vinaondoka na uso unaondoka navyo.

Kopi akauliza, sasa programu itapata wapi hayo mengine.

Itabahatisha, Fundi akasema. Akamwonyesha. Aliiendesha programu mara nne kwa picha ileile, wakatoka wanawake wanne. Wote wana uso mrefu, wote weusi wa kung'aa, wote na kitambaa. Hapo ndipo picha ilipokuwa inajua kitu. Baada ya hapo kila mmoja alikuja na pua yake na midomo yake, na ukiwapanga utadhani ni kamati ya shule. Watatu walikuwa na kishimo shavuni, na Fundi alimwekea kidole palepale kwenye picha ndogo: ukingo wa kiboksi. Programu ilidhani ni kishimo. Na wote wanne walitazama mbele wazi, macho makavu, kwa sababu vidoti vyeusi chini ya nyusi programu ilivisoma kuwa ni macho yaliyofunguka.

Kopi aliwatazama wale wanawake kwa muda. Halafu akasema kitu ambacho kilikuwa na akili kabisa, na ndiyo maana kilimchoma dada yake. Alisema, mbona tusiongeze picha zangu? Si wanasema mimi ni mama mtupu? Ziijaze pale pasipojulikana.

"Dada, wewe una uso wa baba," aliongeza kwa upole, bila ubaya wowote. "Wa kwako hautasaidia."

Fundi akajikaza kisabuni. Akachukua picha sita za Kopi, safi, za kamera yake mwenyewe, akaziongeza kwenye programu pamoja na ile ndogo. Alijua kitakachotokea kabla hakijatokea. Ukiipa programu picha moja isiyojua kitu na sita zinazojua kila kitu, itasikiliza zile sita. Na kweli, alitoka Kopi. Kopi amevaa kitambaa, ameongezewa miaka michache. Mdogo mtu akashika mdomo, akalia, akasema mama yangu. Fundi akamwambia ni majaribio tu, bado ataifanyia kazi, aje Jumapili kwa baba ataileta.

Kopi aliposhuka ngazi, Fundi alifunga mlango. Sasa hapa ndipo wivu ulipomfanya mjinga, na mjinga mwenye ujuzi ni hatari. Alizifuta zile picha sita, akaweka sita za kwake. Akabonyeza. Dakika moja baadaye alitoka mama mwenye macho ya Fundi na kidevu cha Fundi, na juu ya mdomo kile kidoti cheusi ambacho Fundi alizaliwa nacho. Alikuwa mzuri. Picha ndogo haikupinga, ingepinga kwa lipi? Ilikubali kuwa Kopi, ikakubali kuwa Fundi, na angemleta muuza viatu wa chini ingekubali kuwa muuza viatu. Haya yote Fundi aliyajua. Aliichapa hata hivyo, kubwa, kwenye karatasi nzito, akaiwekea fremu.

Jumapili walikusanyika sebuleni kwa baba, ukuta bado unanuka rangi. Baba alikuwa kwenye kiti chake, mzee sasa, amestaafu kazi ya saa lakini kile kioo chake cha kubana jichoni bado anatembea nacho mfuko wa shati. Shangazi alikuwepo pia. Fundi alivua gazeti lililofunika fremu, akamtazama shangazi, maana miaka ishirini na tisa alikuwa akisubiri mahakama hiyo ikae.

Shangazi alimpa Kopi mkoba wake. Akainamisha kichwa huku, akainamisha kule. Akasema, hee. Akasogea. Kisha akaanza kutikisa kichwa polepole akasema ndiye, ndiye wifi yangu, nilikuwa nimeanza kumsahau. Akamgeukia Fundi, akamtazama kama ndiyo kwanza wanatambulishwa. "Kumbe wewe ndiye uliyemchukua," alisema, na akamshika mashavu.

Loo, Fundi alifurahi, ni aibu hata kusimulia. Mikono ya shangazi ilikuwa ya joto na ngumu kidogo vidoleni, vilevile alivyoidhania. Alimtupia Kopi jicho, akamwona amesimama kando na mkoba wa shangazi mkononi, haelewi. Kopi alisema taratibu kwamba ile ya Jumatano ilikuwa tofauti. Fundi akajibu ile ilikuwa majaribio.

Lakini shangazi hakuishia hapo. Alikuwa amechangamka, kumbukumbu zinamjia. Akasema hata hiki kidoti cha juu ya mdomo anakikumbuka, wifi yake alikuwa nacho, walikuwa wakimtania nacho walipokuwa wasichana. Akasimulia kabisa nani alitania na walicheka vipi.

Kidoti hicho kilikuwa cha Fundi. Alikitia yeye, Jumatano, saa sita kasoro. Na sasa kilikuwa kimekaa kwenye usichana wa mama yake, watu wanakicheka.

Furaha ilianza kumwishia. Akamtazama baba. Baba alikuwa ametoa kioo chake, amekibana jichoni, ameinama mbele ya fremu kama anatafuta jino lililovunjika kwenye gurudumu la saa. Alikagua muda mrefu. Akasema ni kazi safi, kila kitundu cha ngozi kinaonekana, haya macho yake mabovu hayajaona usafi kama huu. Kisha akauliza nyusi iko wapi. Wakamwambia si hizi hapa mbili. Akasema hapana, ya kushoto ilikatika katikati, alianguka utotoni, palikuwa na mstari hauoti nywele, naye, mumewe, alikuwa akipapasa hapo kwa kidole gumba. Kopi akasema hakujua. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Baba alirudi kitini, akakifuta kile kioo kwa pindo la shati.

"Mwanangu, umehangaika, nakushukuru," alisema. "Lakini usiitundike. Mimi nimebaki naye kidogo sana kichwani. Huyu nikimwona kila asubuhi, mwezi mmoja tu, yule ataondoka na huyu atakaa."

Baba akaendelea, sasa anaongea na sakafu, kwamba kosa ni lake mwenyewe. Alikuwa na picha ya karatasi, aliipiga kwa kamera aliyoazima kwa mteja wake, akaiweka kwenye boksi la bati, na kwa uzembe wake ikapotea. Hajui aliiweka wapi. Miaka yote ametafuta hadi kwenye mifuko ya makoti. Mtu unapewa mke mmoja na picha moja, na vyote viwili vinakuponyoka.

Fundi aliifunga fremu kwenye gazeti lake.

Jumatatu hakufungua studio. Alitoa bahasha droo ya chini, akaitoa picha, ndogo tu, inaenea kiganjani. Alikuwa hajaitazama miaka mingi. Kila alipowahi kuitazama alitazama vitu viwili: uso wa mama ulioinama kwa mtoto, na ile tarehe. Vilitosha kumharibia wiki. Aliipangusa vumbi kwa brashi laini, akailaza kwenye skana, akaiwekea kipimo cha juu kabisa, taa ikatambaa chini yake polepole.

Ilipofunguka kwenye skrini, aliukuza uso. Uso uliokuwa vidoti thelathini na nane sasa ulikuwa mamia kwa mamia, na hakuna hata kimoja kilichobahatishwa. Nyusi ya kushoto ilikatika, kweli, mstari mwembamba mithili ya uzi. Juu ya mdomo hapakuwa na kitu. Kope zilikuwa zimeshuka. Yale madoa meusi ambayo programu iliyafungua kuwa macho yalikuwa ni kivuli cha kope za mtu anayetazama chini, anayezuia kicheko. Fundi alikaa na uso ule karibu saa nzima. Hakufanana na yeye. Tena, kwa jinsi alivyoona yeye, hakufanana sana na Kopi pia. Alikuwa mtu mwingine, na alikuwa ametoweka.

Akateremsha picha kwenye skrini asafishe vumbi la ukingo wa chini. Akafika kwenye kile kidole cha baba, na kwa mazoea tu ya kazi akainua mwanga wa sehemu zenye giza. Kidole kikapata mistari. Mstari mmoja mweupe katikati, mistari midogo pembeni, na upande mmoja kitu kilichojikunja kama utepe. Fundi alisogeza kiti. Akarudi kwenye macho ya mama, akafuata yanakoelekea. Yalipita juu ya furushi la mtoto. Hayakusimama hapo.

Alimpigia Kopi simu akamwambia amlete baba studio kesho asubuhi. Usiku ule hakulala, lakini hilo alishalizoea.

Baba alipanda ngazi za chuma moja moja, Kopi akimshika kiwiko. Fundi alimketisha mbele ya skrini, akaiweka ile ya karatasi mkononi mwake, na kabla mtu hajasema neno akasema la kwake, maana alijua akisubiri atalimeza.

"Haikupotea, baba. Niliichukua mimi, nikiwa na miaka kumi na tano. Na mtoto huyo si mimi. Ni Kopi."

Baba hakuonekana kusikia. Alikuwa ameshabana kioo jichoni, pua inakaribia kugusa karatasi, na kidole gumba chake kilikuwa kinatafuta nyusi. Aliyesikia ni Kopi. Alisoma tarehe ya rangi ya chungwa kwenye skrini. Akaisoma tena. Alikuwa mtu wa miaka ishirini na tisa ambaye maisha yake yote aliambiwa ana uso wa mama lakini hana hata picha moja aliyopigwa naye. Alishawahi kusema, kwa utani, kwamba huenda mama hakuwahi hata kumshika. Fundi alikumbuka utani huo. Alikuwa amecheka.

Kopi aligeuka akatazama ile karatasi yenye herufi nyekundu juu ya skana.

"Kila anayeingia hapa unamwuliza ya karatasi iko wapi," alisema. "Mimi hukuniuliza."

Fundi alisema ni kweli. Kusema nilikuwa mtoto kungekuwa uongo, maana Jumatano iliyopita hakuwa mtoto. Alisema nilikuonea wivu. Alilisema hivyohivyo, na likasikika dogo ajabu kwa kitu kilichomla miaka yote hiyo.

Hapo ndipo baba alipoongea, bila kutoa kioo jichoni. Aliuliza nani kamwambia hiki ni kidole.

Fundi akasema yeye alidhani hivyo toka zamani, kidole chake kimeingia mbele ya kamera.

"Mimi?" baba alisema, na sauti ilikuwa imeumia kabisa. "Miaka arobaini nashika vitu vidogo kuliko chawa, mimi niweke kidole mbele ya kioo? Hicho ni kichwa chako."

Kisha akasimulia, taratibu, anaisomea ile karatasi. Siku ile, ambayo Fundi hakuikumbuka hata chembe, alinuna toka asubuhi. Alikuwa amesukwa mabutu mawili na kufungwa utepe kwa ajili ya picha, lakini mtoto mchanga alipotolewa nje yeye alikataa kukaa naye. Akasema mpigeni huyohuyo mnayempenda. Akashuka ngazi mbili akaketi chini, amewapa mgongo na amekunja mikono. Baba akamwita, hakuitika. Akamwambia mama yao basi tazama kamera tumalize, filamu ya watu hii. Mama hakutazama kamera. Alikuwa anakitazama kile kisogo kilichonuna, amejizuia kucheka, akasema ngoja, atageuka, mimi namjua, atageuka tu. Baba akachoka kungoja, akabonyeza. Kichwa kikaingia chini, kikatoka na ukungu kwa kuwa kilikuwa karibu mno na kamera.

"Ulipogeuka nilikuwa nimeshapiga," alisema baba. "Kwenye filamu ilikuwa imebaki picha moja tu."

Fundi alitazama skrini. Alikuwa amemkata mtu kwenye ile picha kwa kisu cha miaka kumi na tano, akidhani anakata tarehe, na mtu huyo alikuwa yeye. Alikuwa amebana mdomo kwa nguvu, kwa sababu tusidanganyane, kitu kilichompanda kifuani kilikuwa furaha. Si majuto kwanza. Furaha tupu, ya kitoto, ya kutaka kumpigia shangazi simu palepale. Picha moja ya mama duniani, na alikuwa anamtazama yeye.

Kopi alikuwa bado amesimama nyuma ya kiti cha baba. Aliuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kuishika. Baba akampa. Akailaza kiganjani, akamtafuta yule mtoto mweupe, akamgusa kwa ncha ya ukucha, halafu akafuata macho ya mama kama Fundi alivyoyafuata, hadi yanapoishia.

"Kwa hiyo amenishika," alisema. "Ila haniangalii mimi."

Hakulia. Aliinama tu juu ya ile karatasi, kope zimeshuka, mdomo umejikaza kuzuia kitu kisitoke. Fundi akageuka. Alimtazama mdogo wake, akatazama skrini, akamtazama tena mdogo wake. Ulikuwa ndio uso wenyewe. Miaka ishirini na tisa watu walikuwa wakimwambia na yeye haoni; alikuwa hajawahi kumwona Kopi ametazama chini namna ile, kwa sababu kila Kopi alipoumia mbele yake yeye alikuwa ameshageuza uso upande wa pili.

Kopi akaanza kuinua macho.

"Usiinue," Fundi alimwambia. "Kaa hivyohivyo kidogo, mdogo wangu. Bado nakutazama."